Jinsi ya kuunda upya akaunti ya biashara pale vitabu vinapopotea

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Moto ulioteketeza sehemu ya Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 uliwakumbusha wafanyabiashara wengi jambo ambalo wahasibu hulijua tangu darasani: moto unapoingia dukani huondoka na mali pamoja na daftari la mali hiyo. Asubuhi yake mwenye duka huulizwa swali moja na kila anayemfikia, awe mthamini wa hasara wa kampuni ya bima, ofisa mikopo wa benki au ofisa wa kodi. Mali iliyokuwamo ilikuwa ya shilingi ngapi?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu, kwa kuwa kilichopaswa kuhesabiwa kimekuwa majivu. Hata hivyo linaweza kujibiwa kwa hoja, endapo mambo machache yamesalimika nje ya duka. Njia inayotumika ni kuunda upya akaunti ya biashara kwa kutumia uwiano: kiwango cha faida ghafi, nyongeza juu ya gharama, na mzunguko wa mali. Makala haya yanaieleza njia hiyo kupitia mfano mmoja wa kubuni, wa mwenye duka la khanga na vitenge, ili msomaji aone kila tarakimu inatoka wapi na kosa hujificha mahali gani.

Mnyororo wa tarakimu nne

Akaunti ya biashara ni sehemu ya kwanza ya hesabu za mwaka za mfanyabiashara. Kazi yake ni kuonyesha faida ghafi, yaani tofauti kati ya mauzo na gharama ya bidhaa zilizouzwa, kabla ya kutoa kodi ya pango, mishahara na umeme. Gharama ya mauzo haiandikwi moja kwa moja popote. Hupatikana kwa kuchukua mali iliyokuwapo mwanzo wa kipindi, kuongeza manunuzi ya kipindi hicho, kisha kutoa mali iliyosalia mwisho.

Maelezo hayo yanaweza kuandikwa kwa mstari mmoja:

mali ya mwanzo + manunuzi − mali ya mwisho = gharama ya mauzo

Tarakimu nne zimefungwa pamoja kama pingili za mnyororo. Ukiwa na tatu, ya nne hupatikana bila kumuuliza mtu. Mwenye duka lililoungua kwa kawaida anaweza kupata mali ya mwanzo katika hesabu za mwaka uliotangulia, na manunuzi katika kumbukumbu za waliomuuzia. Mali ya mwisho ndiyo anayoitafuta. Inabaki gharama ya mauzo, na hapo ndipo uwiano unapoingia, kwa sababu mauzo yakijulikana na kiwango cha faida kikijulikana, gharama hujitokeza yenyewe.

Faida ile ile, majina mawili

Kabla ya kuingia katika mfano, kuna jambo moja ambalo halina budi kutuliwa, maana ndilo linaloharibu hesabu nyingi za namna hii. Mfanyabiashara na mhasibu wake hutaja faida moja kwa asilimia mbili tofauti, na wote wawili husema kweli.

Chukua taulo lililonunuliwa kwa shilingi 9,000 na kuuzwa kwa shilingi 12,000. Faida ghafi ni shilingi 3,000. Mwenye duka hupanga bei akiwa ameshika ankara ya muuzaji wa jumla mkononi, hivyo huipima faida yake dhidi ya bei ya kununulia. Kwake, 3,000 juu ya 9,000 ni theluthi moja, yaani asilimia 33.3. Hii ndiyo nyongeza juu ya gharama. Mhasibu huanza na mauzo, kwa kuwa ndiyo mstari wa kwanza wa hesabu zake, na kwake 3,000 katika 12,000 ni robo, yaani asilimia 25. Hicho ndicho kiwango cha faida ghafi.

Kugeuza moja kuwa nyingine ni rahisi pale uwiano unapoandikwa kwa sehemu badala ya asilimia. Nyongeza ya theluthi moja huwa faida ya robo moja ya mauzo, kwa kuwa unaongeza namba ya juu kwenye namba ya chini: moja juu ya tatu huwa moja juu ya nne. Vivyo hivyo nyongeza ya robo huwa faida ya moja ya tano, na nyongeza ya moja ya tano huwa faida ya moja ya sita. Kurudi nyuma, unatoa badala ya kuongeza.

Nyongeza daima huwa kubwa kuliko kiwango cha faida, kwa sababu gharama ni ndogo kuliko bei ya kuuzia. Mtu akikuletea hesabu ambamo viwango hivyo viwili vinafanana, au nyongeza ni ndogo kuliko kiwango cha faida, usiendelee kusoma ukurasa wa pili kabla ya kumrudishia.

Duka la khanga na vitenge

Tuseme duka liliungua usiku wa Juni 30. Mwenye duka hufunga hesabu zake Desemba 31 kila mwaka, na hesabu za mwaka uliopita zilikuwa kwa mhasibu wake, mtaa mwingine, ndiyo maana zilisalimika. Zinaonyesha kwamba mwaka ule alianza na mali ya shilingi milioni 14, akanunua bidhaa za milioni 124, na akamaliza na mali ya milioni 18. Gharama ya mauzo ilikuwa basi milioni 120. Mauzo yalikuwa milioni 160, na faida ghafi milioni 40, ambayo ni robo ya mauzo.

Kutokana na hesabu hizo tunapata mambo matatu ya kuanzia. Mali iliyokuwapo Januari 1 ni ile ile iliyosalia Desemba 31, yaani milioni 18. Kiwango cha faida ghafi ni asilimia 25. Na mzunguko wa mali, ambao tutaurudia baadaye, unaweza kukokotolewa.

Kazi ya kwanza ni kuyapata mauzo ya miezi sita. Daftari la mauzo limeungua, lakini fedha huacha nyayo. Taarifa ya benki na taarifa ya miamala ya simu, zikijumlishwa, zinaonyesha kwamba katika miezi hiyo ziliingia shilingi milioni 97. Jumla hiyo haiwezi kuitwa mauzo hadi ichujwe. Ndani yake mna milioni 3.6 zilizohamishwa kutoka kwenye simu kwenda benki, na hivyo zimehesabiwa mara mbili. Mna pia milioni 5 za mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo. Zikiondolewa hizo, zinabaki milioni 88.4 zilizotoka kwa wateja.

Upande wa pili, si kila fedha ya mteja hufika benki. Mwenye duka alikuwa akilipa kibarua, pango la kibanda na matumizi ya nyumbani moja kwa moja kutoka kwenye droo ya duka. Kwa kuwauliza waliolipwa na kuangalia stakabadhi walizo nazo, inathibitika kwamba shilingi milioni 4.1 zilitumika kwa namna hiyo. Fedha zilizopokewa kutoka kwa wateja ni basi milioni 92.5.

Bado kuna waliochukua bidhaa kwa mkopo. Mwanzo wa mwaka wateja walikuwa wakidaiwa milioni 3.5, siku ya moto, kwa kukusanya ujumbe wa simu na maandishi yao ya kukiri deni, wanadaiwa milioni 6. Madeni yameongezeka kwa milioni 2.5, na ongezeko hilo ni mauzo yaliyofanyika ambayo fedha zake hazijaingia. Mauzo ya miezi sita ni milioni 95.

Inafaa kusema hapa kwamba mwenye mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti ana njia fupi zaidi, kwa kuwa taarifa zake za mauzo hazikai dukani peke yake. Lakini hata yeye atashauriwa kulinganisha taarifa hizo na fedha zilizoingia, kama tulivyofanya, maana risiti ambayo haikutolewa haionekani kwenye mashine, ilhali bidhaa iliyouzwa bila risiti haikuungua.

Kazi ya pili ni manunuzi. Wauzaji wa jumla wana leja zao. Zinaonyesha kwamba walilipwa milioni 70.5 katika kipindi hicho, kwamba walikuwa wakidai milioni 9 mwanzoni, na sasa wanadai milioni 12.5. Kilicholipwa, pamoja na ongezeko la deni la milioni 3.5, kinatoa manunuzi ya milioni 74. Bidhaa zilizorudishwa kwa wauzaji kwa kasoro zimekwisha kupunguzwa ndani ya madeni hayo, hivyo kuzitoa tena kungekuwa kuzitoa mara mbili. Ni kosa ambalo hata watu wenye vyeti hulifanya.

Kinachopaswa kutolewa ni kile ambacho mwenye duka alijichukulia. Mwezi Mei alichukua vitenge vya sare za harusi ya bintiye, vyenye gharama ya shilingi milioni 1. Vitenge hivyo havikuuzwa wala havikuungua. Manunuzi yaliyobaki kwa biashara ni milioni 73.

Sasa pingili tatu zipo. Mauzo ni milioni 95 na faida ghafi ni robo yake, hivyo gharama ya mauzo ni robo tatu, yaani shilingi 71,250,000. Akaunti iliyoundwa upya inasomeka hivi:

Mauzo: 95,000,000
Mali ya mwanzo: 18,000,000
Ongeza manunuzi: 73,000,000
Mali iliyopatikana kwa kuuza: 91,000,000
Toa gharama ya mauzo: 71,250,000
Mali ya mwisho, Juni 30: 19,750,000
Faida ghafi: 23,750,000

Mali iliyokuwamo dukani usiku ule ilikuwa ya shilingi 19,750,000, kwa gharama ya kununulia. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mwenye duka anapotembea katika majivu, akilini mwake huziona khanga kwa bei ambayo angeziuza. Akaunti ya biashara huiandika mali kwa gharama, na tofauti kati ya fikra hizo mbili katika mfano huu ni zaidi ya shilingi milioni 6.

Kosa la asilimia moja iliyosomwa vibaya

Tuone sasa kinachotokea mtu akichukua ile asilimia 25 na kuidhania kuwa ni nyongeza juu ya gharama. Atagawanya mauzo kwa 1.25, apate gharama ya mauzo ya milioni 76 badala ya milioni 71.25. Akiitoa katika milioni 91, mali ya mwisho itakuwa milioni 15. Shilingi 4,750,000 zimepotea, na wala hakuna aliyeziiba.

Athari yake haiishii kwenye karatasi. Tuseme baada ya moto ziliokolewa bidhaa za gharama ya shilingi 1,750,000 ambazo bado zinauzika. Hasara halisi ni milioni 18. Tuseme pia kwamba duka lilikuwa na bima ya milioni 15.8, na mkataba una sharti la uwiano, ambalo ni la kawaida katika bima za moto: mwenye mali akikata bima ya kiasi kidogo kuliko thamani ya mali, hulipwa sehemu ya hasara inayolingana na kiasi alichokatia. Bima ya milioni 15.8 dhidi ya mali ya milioni 19.75 ni asilimia 80, hivyo malipo ni asilimia 80 ya milioni 18, yaani shilingi 14,400,000. Kwa hesabu ile yenye kosa, mali ingeonekana kuwa milioni 15, sharti la uwiano lisingegusa, na hasara ingekuwa shilingi 13,250,000. Mwenye duka angeondoka akidhani amelipwa kikamilifu, kumbe amepungukiwa shilingi 1,150,000.

Mzunguko wa mali kama shahidi wa pili

Kosa hilo lingegunduliwaje na mtu ambaye hajui jibu? Kwa uwiano wa tatu. Mzunguko wa mali huonyesha ni mara ngapi kwa mwaka duka huuza na kujaza upya mali yake. Hupatikana kwa kugawa gharama ya mauzo kwa wastani wa mali, na wastani huo, kwa kawaida, ni nusu ya jumla ya mali ya mwanzo na ya mwisho.

Mwaka uliopita wastani wa mali ulikuwa milioni 16, katikati ya 14 na 18. Gharama ya mauzo ya milioni 120 ikigawanywa kwa milioni 16 inatoa mzunguko wa mara 7.5 kwa mwaka. Kwa lugha ya dukani, bidhaa ilikaa rafuni kwa siku 49 hivi kabla ya kupata mnunuzi.

Tukirudi kwenye miezi sita, wastani wa milioni 18 na milioni 19.75 ni shilingi 18,875,000. Gharama ya mauzo ya 71,250,000 ikigawanywa kwa wastani huo inatoa mara 3.78 kwa nusu mwaka, sawa na mara 7.55 kwa mwaka mzima. Hiyo inakaribiana sana na 7.5 ya mwaka uliopita. Kwa hesabu yenye kosa, wastani ungekuwa milioni 16.5 na gharama milioni 76, yaani mara 4.61 kwa nusu mwaka, au mara 9.2 kwa mwaka. Duka lile lile, mtaa ule ule, bidhaa zile zile, ghafla linauza kwa kasi kubwa namna hiyo? Mthamini mzoefu atasimama hapo na kuuliza.

Kufanana kwa mizunguko si uthibitisho kwamba jibu ni sahihi, na kutofautiana si uthibitisho kwamba ni baya. Mwenye duka anaweza kuwa ameamua kuweka mali nyingi kidogo, au ametafuta soko jipya. Ila tofauti kubwa inadai maelezo, na maelezo hayo yanapaswa kutafutwa kabla ya dai kuwasilishwa.

Pale manunuzi nayo hayajulikani

Kuna hali ngumu zaidi, ambapo wauzaji hawana leja, kama ilivyo kwa wengi wanaonunua kwa fedha taslimu mnadani au sokoni. Hapo pingili mbili zimekatika kwa pamoja, manunuzi na mali ya mwisho, na kiwango cha faida peke yake hakitoshi. Mzunguko wa mali huacha kuwa shahidi na kuwa nguzo.

Chukua genge la vyakula vikavu ambalo mauzo yake ya mwaka ni shilingi milioni 48, nyongeza juu ya gharama ni asilimia 20, mali ya mwanzo ilikuwa milioni 4.2, na mzunguko unajulikana kuwa mara 8 kwa mwaka. Mauzo yakigawanywa kwa 1.2, gharama ni milioni 40. Gharama ikigawanywa kwa 8, wastani wa mali ni milioni 5. Wastani ni nusu ya jumla ya mwanzo na mwisho, hivyo jumla ni milioni 10, ukitoa 4.2 ya mwanzo, mali ya mwisho ni milioni 5.8. Manunuzi ndiyo yanayobaki: milioni 40, kuongeza 5.8, kutoa 4.2, ni shilingi 41,600,000.

Hesabu ni nyepesi, na wepesi wake unaweza kudanganya. Jaribu mzunguko wa mara 7.5 badala ya 8. Wastani wa mali unapanda hadi shilingi 5,333,000 hivi, ambayo ni ongezeko la 333,000. Lakini mali ya mwisho inapanda hadi 6,467,000, yaani ongezeko mara mbili ya lile la wastani, kwa kuwa mali ya mwanzo haibadiliki na kosa lote hutupwa upande mmoja. Ndiyo sababu jibu linalotokana na mzunguko linafaa kutajwa kama makadirio, na ni busara kuonyesha jibu la mzunguko wa juu kidogo na wa chini kidogo.

Wastani wenyewe nao una kasoro ya majira. Duka la nguo linalofunga hesabu Desemba 31 huhesabu mali wakati rafu zimepungua baada ya Krismasi. Nusu ya mwanzo na mwisho itakuwa ndogo kuliko mali iliyokuwapo kwa miezi mingi ya mwaka, na mzunguko utaonekana wa kasi kuliko ulivyo. Penye kumbukumbu za kila mwezi, wastani wa miezi yote ni bora kuliko wa siku mbili.

Je, asilimia 25 bado ni asilimia 25?

Njia hii yote imesimama juu ya dhana moja, kwamba kiwango cha faida cha mwaka uliopita kinaendelea mwaka huu. Katika duka letu kila asilimia moja ya kiwango hicho ni shilingi 950,000 za mauzo ya milioni 95, na zote huangukia kwenye mali ya mwisho. Ndiyo maana mthamini makini hutumia muda mwingi zaidi kuichunguza dhana hii kuliko kufanya hesabu.

Jambo la kwanza analoangalia ni mchanganyiko wa bidhaa. Tuseme khanga hutoa faida ya asilimia 20 ya mauzo na vitenge asilimia 30. Mwaka uliopita ziliuzwa nusu kwa nusu, na wastani wake ndio asilimia 25. Kama katika miezi hii sita khanga zilichukua asilimia 70 ya mauzo, wastani unashuka hadi asilimia 23, ingawa hakuna bei hata moja iliyobadilika. Gharama ya mauzo inakuwa shilingi 73,150,000, na mali ya mwisho 17,850,000 badala ya 19,750,000. Mabadiliko ya namna hii husomeka katika ankara za wauzaji wa jumla: idadi ya marobota ya khanga ikiwa imeongezeka na ya vitenge imepungua, ni lazima kiwango kikokotolewe upya kwa kila kundi la bidhaa.

Jambo la pili ni bei. Muuzaji wa jumla akipandisha bei na mwenye duka akachelewa kupandisha yake, faida hupungua kimya kimya. Namna ya kujua ni kuchukua ankara chache za Januari na za Juni za bidhaa zile zile, kisha kutafuta risiti walizonazo wateja. Bidhaa kumi zilizochaguliwa vizuri hueleza mengi. Punguzo kubwa lililotolewa ili kumaliza mali iliyokaa sana lazima nalo litenganishwe, kwa kuwa mauzo hayo hayakubeba faida ya kawaida.

Jambo la tatu linawahusu waliosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Fedha zilizoingia benki zinabeba kodi hiyo ndani yake, na kodi si mauzo. Mapokezi ya shilingi 11,800,000 ni mauzo ya milioni 10 na kodi ya milioni 1.8. Anayesahau kugawa kwa 1.18 hukuza mauzo, hukuza gharama ya mauzo, na mwishowe huipunguza mali anayoidai.

Njia ile ile bila moto

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, mfanyabiashara anapaswa kuhifadhi kumbukumbu zake kwa angalau miaka mitano, na hesabu ya uwiano haimwondolei wajibu huo. Lakini hesabu hiyo ina matumizi hata pale ambapo vitabu vipo na duka liko salama.

Tuseme moto haukutokea, na Juni 30 mali imehesabiwa kwa mkono. Uwiano unasema panapaswa kuwa na shilingi 19,750,000; waliohesabu wamekuta 17,200,000. Kuna upungufu wa 2,550,000. Wenye maduka wengi, wakiona tofauti hiyo, humgeukia muuzaji aliye kaunta. Tarakimu haisemi hivyo. Upungufu huo unaweza kuwa wizi. Unaweza pia kuwa mauzo ya mkopo ambayo hayakuandikwa, khanga alizochukua mwenye duka mwenyewe bila kuweka kumbukumbu, robota lililolipiwa ambalo halijafika, au mchanganyiko wa bidhaa uliobadilika kama tulivyoeleza. Hilo la mwisho, kwa mfano wetu, lingeeleza shilingi 1,900,000 kati ya hizo 2,550,000. Zingebaki 650,000 za kufuatilia, kwa kuanza na stoo na ankara za wiki ya mwisho wa Juni, ambako bidhaa iliyoandikwa kabla ya kupokelewa hupatikana mara nyingi zaidi.